Umeondoka Hotelini, Hela Bado Imeshikwa

Mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo amerudi kutoka Dubai. Chumba alichopanga Deira amekikabidhi, bili amemaliza, kadi ya mlangoni ameiacha mapokezi. Kesho yake asubuhi anataka kumlipa wakala wa kutoa mzigo, na simu inamjibu kwamba salio halitoshi. Hesabu zake anazijua, na hela inapaswa kuwepo. Anapiga huduma kwa wateja ya benki, kijana aliyepokea anamwambia kwa upole, "Mama, hela yako ipo kwenye akaunti, ila imezuiwa na hoteli." Anaipigia hoteli, na dada wa mapokezi, ambaye ni Mkenya, anamjibu, "Mama, sisi tulishaiachilia siku ileile uliyotoka. Ulizia benki yako." Wiki inapita, hela haijarudi, na kila upande unamrudisha kwa mwenzake.

Mara nyingi hao wawili wote wanasema kweli, kila mmoja kwa kile anachokiona kwenye skrini yake. Ndiyo maana ugomvi wa namna hii hauishi kwa kupaza sauti. Unaisha pale mwenye kadi anapojua hela yake iko wapi hasa, nani ana uwezo wa kuiachilia, na ni swali gani la kumuuliza.

Tuanzie kaunta ya mapokezi, siku ya kufika. Mhudumu anaomba pasipoti na kadi, anaingiza kadi kwenye mashine, anaandika kiasi, mgeni anabonyeza namba ya siri. Mashine inapeleka ombi kwa benki ya hoteli, benki ya hoteli inalipitisha kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, nao unalifikisha kwa benki iliyotoa kadi, tuseme ile ya Dar es Salaam. Benki ya Dar es Salaam inaangalia mambo machache: kadi ni hai, haijaripotiwa kuibwa, salio linatosha. Ikiridhika inajibu kwa kibali chenye namba fupi ya tarakimu au herufi sita. Yote hayo huchukua sekunde chache, na hadi hapo hakuna hata senti moja iliyovuka kwenda Dubai.

Kilichobadilika ni kwamba benki imeweka kando sehemu ya hela ya mteja, kama muuza duka anayemwekea mtu doti ya kanga pembeni kwa sababu amesema atairudia. Kanga bado iko dukani, lakini mteja mwingine haruhusiwi kuichukua. Kwenye akaunti, tangu hapo, yapo masalio mawili. Lipo salio la vitabuni, ambalo halijapungua, na lipo salio unaloweza kulitumia, ambalo limepungua kwa kiasi kilichozuiwa. Kijana wa benki alipomwambia mama kuwa hela ipo, alikuwa anatazama la kwanza. Mama anatazama la pili, na hilo ndilo linaloamua kama wakala wake atalipwa leo.

Ujumbe mfupi wa simu huwachanganya wengi zaidi. Benki nyingi hutuma ujumbe wa "umefanya malipo" mara tu kibali kinapotoka, bila kutofautisha malipo yaliyokamilika na zuio. Mteja akisoma hivyo anaamini hoteli imeshachukua, kisha anapotoka na kulipa bili anaamini imechukua mara mbili. Njia ya kuhakikisha ni kuomba taarifa ya akaunti. Muamala uliokamilika una mstari wake humo, wenye tarehe na kiasi kilichotoka. Zuio halina mstari kama huo. Linaonekana pembeni, kwenye orodha ya miamala inayosubiri, na kwenye programu nyingi za simu huandikwa PENDING au HOLD.

Kwa nini hoteli izuie zaidi ya bei ya chumba? Kwa sababu haijui mgeni atatumia nini. Anaweza kuongeza usiku mmoja, kula mgahawani na kuandikisha kwenye chumba, kuvunja televisheni au kuvuta sigara mahali pasiporuhusiwa. Kwa hiyo inaomba kibali cha makadirio: bei ya siku zote pamoja na dhamana juu yake. Kwenye mashine nyingi kitendo hicho kinaitwa PRE-AUTH, na neno hilo huchapishwa kwenye karatasi anayopewa mgeni. Kinatakiwa kufuatiwa na kitendo cha pili siku ya kuondoka, kinachoitwa COMPLETION, ambapo mhudumu anaingiza kiasi halisi cha bili pamoja na namba ileile ya kibali cha mwanzo. Benki ya Dar es Salaam ikipokea dai hilo siku moja hadi tatu baadaye, inalilinganisha na zuio lake, inatoa kiasi cha bili na kuachilia kilichobaki. Hivyo ndivyo inavyopaswa kwenda, na ikienda hivyo mgeni hahisi lolote.

Sasa tuiweke safari ya mama yetu kwa tarakimu. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, kwa hiyo kwa mtu wa Dar es Salaam kinachopanda na kushuka ni shilingi tu. Tuseme siku zile dirham moja ilikuwa shilingi 700, na akaunti ilikuwa na shilingi 3,000,000. Amepanga hoteli ya nyota tatu kwa usiku nne, dirham 250 kwa usiku, pamoja na ushuru wa utalii ambao Dubai hutoza kwa kila chumba kwa kila usiku, hapa dirham 10. Bili ni dirham 1,040, yaani shilingi 728,000. Hoteli inaongeza dhamana ya dirham 500. Kibali kinaombwa cha dirham 1,540, sawa na shilingi 1,078,000, na salio la kutumia linashuka hadi shilingi 1,922,000.

Siku ya kuondoka kila kitu kinategemea kidole cha mhudumu. Akichagua COMPLETION na kuingiza dirham 1,040 pamoja na namba ya kibali, baada ya siku chache akaunti itasoma shilingi 2,272,000, na mambo yamekwisha. Lakini mapokezi saa tano asubuhi kuna foleni, mabegi yamejaa ukumbini, gari la uwanja wa ndege linapiga honi nje. Karatasi ya kibali iko kwenye faili la wiki iliyopita. Mhudumu anachagua njia fupi: anabonyeza SALE, anaandika dirham 1,040, anampa mama mashine, mama anabonyeza namba ya siri.

Kwa benki ya Dar es Salaam hilo ni ombi jipya kabisa. Halina uhusiano wowote na lile la mwanzo. Benki inatoa kibali cha pili cha shilingi 728,000 huku zuio la kwanza la shilingi 1,078,000 likiwa palepale, zima. Salio la kutumia sasa ni shilingi 1,194,000. Bili yake yote ni shilingi 728,000, lakini hela aliyonyimwa kuitumia ni shilingi 1,806,000. Na dada wa mapokezi akiangalia kompyuta ya hoteli anaona chumba kimelipwa na deni ni sifuri, kwa hiyo anaposema "tulishaiachilia" anaamini anachosema. Kwake deni limefungwa. Lakini hakuna aliyepeleka ujumbe wa kufuta kibali cha kwanza, na mfumo wa malipo haubahatishi kwamba cha pili kilikuja badala ya cha kwanza.

Hali hiyohiyo humkuta anayelipa bili kwa kadi nyingine au kwa noti. Wafanyabiashara wengi wanafanya hivyo: wanatoa kadi siku ya kufika kwa sababu hoteli imeidai, kisha siku ya kuondoka wanalipa dirham taslimu zilizobaki mfukoni ili wasirudi nazo nyumbani. Ni uamuzi wa busara kwa upande wa kubadilisha fedha. Lakini kibali kilichotolewa kwenye kadi hakina tena dai la kukifunga, na kisipofutwa kwa makusudi kitakaa mpaka umri wake uishe.

Umri huo una urefu gani? Hapa pana saa mbili zinazotembea kwa wakati mmoja, na ni vizuri kuzitenganisha.

Saa ya kwanza ni ya mtandao wa kadi. Mastercard inakipa kibali cha makadirio cha aina hii uhai wa siku 30, na Visa kwa hoteli na magari ya kukodi iko karibu na hapohapo, takriban mwezi. Ndani ya muda huo hoteli ina haki ya kuleta dai na benki inawajibika kulilipa. Saa ya pili ni ya benki iliyotoa kadi, ambayo imejipangia yenyewe baada ya siku ngapi itaondoa zuio lisilofuatiwa na dai. Kwa manunuzi ya kawaida ya dukani, benki nyingi huondoa ndani ya wiki moja au siku kumi. Kwa hoteli nyingine husubiri hadi siku 30, kwa sababu zinajua dai linaweza kuchelewa. Benki inatambuaje kuwa ni hoteli? Kila anayepokea kadi ana namba ya tarakimu nne inayoeleza biashara yake. Hoteli za kawaida zina 7011, wakodishaji magari wana 7512, na makampuni makubwa ya hoteli na magari yana namba zao wenyewe zinazoanza na 3. Ndiyo maana kadi ileile, kwenye benki ileile, inaweza kuachilia zuio la duka la simu baada ya siku saba na kuling'ang'ania la hoteli mwezi mzima. Si uonevu wa mfanyakazi fulani. Mfumo umeelekezwa hivyo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana wa benki si "hela yangu itarudi lini?" Swali hilo litakupatia jibu la kusomewa, la siku saba hadi thelathini za kazi. Muulize hivi: je, huu ni muamala uliokamilika au ni zuio? Kama ni zuio, kwenye mfumo wenu limeandikwa kuisha tarehe ngapi? Tarehe hiyo kwa kawaida ipo, na mfanyakazi wa kitengo cha kadi anaweza kuiona hata kama yule aliyepokea simu haioni. Ukiipata unajua kama unasubiri siku nne au ishirini na nne, na kama inafaa kuhangaika au kuvumilia.

Zipo njia mbili za kulitoa zuio kabla ya tarehe hiyo, na zote zinaanzia hotelini. Ya kwanza ni hoteli kupeleka ujumbe wa kufuta kibali kwenye njia ileile kilikopitia: mashine, benki ya hoteli, mtandao, benki yako. Kwenye mashine huitwa VOID au REVERSAL, na hauwezi kutumwa bila namba ya kibali cha mwanzo. Kanuni za Mastercard zinamtaka mfanyabiashara apeleke ujumbe huo ndani ya saa 24 tangu muamala ulipoghairiwa au ulipokamilika kwa kiasi tofauti na kile kilichoombewa kibali, na Visa nayo ina sharti la namna hiyo. Sheria ipo, basi. Kinachokosekana ni mtu wa zamu anayekumbuka kuifuata, na hapa ndipo ninaposimama upande wa mgeni bila kusita: hoteli iliyojua kuomba kibali ndani ya sekunde tano haina sababu ya kushindwa kukifuta ndani ya siku moja.

Ujumbe ukifika salama, benki nyingi huachilia hela saa chache baadaye au kesho yake. Lakini hutokea usifike. Pengine benki ya hoteli haiupeleki moja kwa moja, pengine kiasi kilichofutwa hakilingani na kilichozuiwa, pengine namba ya kibali imeandikwa vibaya. Hoteli inapata karatasi inayosema imefuta, benki yako haijaona chochote. Hapo inatumika njia ya pili, ya kizamani lakini inafanya kazi: barua. Hoteli inaandika kwenye karatasi yenye nembo yake, inasaini na kugonga muhuri, ikieleza kwamba haitaleta dai juu ya kibali fulani na kwamba inaomba kiachiliwe. Barua itaje tarakimu nne za mwisho za kadi, tarehe, kiasi kwa dirham na namba ya kibali. Inatumwa kwa barua pepe kwenda kitengo cha kadi cha benki yako, au unaibeba mwenyewe hadi tawini.

Wengi hukasirika benki inapodai barua. "Hela ni yangu, kwa nini niombe ruhusa ya hoteli?" Sababu yake ni nzito na inafaa ielezwe wazi. Benki ilipotoa kibali iliahidi kulipa. Ikiachilia hela kwa neno la mteja peke yake, mteja akaitumia, na siku ya ishirini hoteli ikaleta dai halali, benki italipa kutoka mfukoni mwake na kuanza kumtafuta mteja. Barua ya hoteli inaiondolea hatari hiyo. Ukijua hivyo, hupotezi siku tatu ukibishana na mtu wa huduma kwa wateja ambaye hana mamlaka ya kubeba hatari ya namna hiyo. Siku hizo unazitumia kuitafuta hoteli.

Utagundua kwamba kila njia inarudi kwenye kitu kimoja, namba ya kibali. Imechapishwa kwenye karatasi ya mashine siku ya kufika, karibu na chini, mbele ya maneno kama APPROVAL CODE au AUTH CODE. Karatasi hiyo ndogo inayofifia haraka ndiyo watu wanayoitupa kwanza. Ipige picha kabla ya kupanda lifti. Na siku ya kuondoka, kabla ya kubonyeza namba ya siri tena, mwambie mhudumu maneno machache: "Dada, tafadhali funga kile kibali cha siku niliyofika, usifungue kipya." Akisema hawezi, na wengine kweli hawawezi kwa sababu ya mashine zao, muombe afute cha mwanzo mbele yako na akupe karatasi ya kufuta. Ukiidai hapo kaunta unaipata kwa dakika mbili. Ukiwa Kariakoo utaitafuta wiki mbili.

Kuachiliwa kwa zuio hakufuti deni. Tuseme benki yako imeondoa zuio siku ya kumi kwa saa yake yenyewe, na hoteli ilikuwa haijaleta dai la bili. Hela inaonekana imerudi yote, shilingi 1,078,000. Mtu anafurahi, anaiingiza kwenye biashara. Siku ya kumi na sita dai la dirham 1,040 linafika, ndani ya muda wa mtandao, na akaunti inakatwa, pengine hadi chini ya sifuri. Kama hujaona mstari wa bili ya hoteli kwenye taarifa ya akaunti, na hukulipa kwa noti wala kadi nyingine, hiyo hela bado ina mwenyewe.

Magari ya kukodi yana ugumu wao. Mkodishaji gari Dubai hazuii hela kwa ajili ya michubuko tu, ambayo ataiona siku hiyohiyo gari linaporudi. Anaogopa vitu viwili vinavyokuja baadaye. Kimoja ni faini za kamera za barabarani, ambazo zinaandikwa kwa namba ya gari, si kwa jina la dereva, na zinaweza kuchelewa kuonekana. Kingine ni Salik, ushuru wa barabara ulioanza mwaka 2007. Milango yake haina kizuizi wala mtu wa kukusanya. Gari linapita kwa mwendo wake, kibandiko kwenye kioo kinasomwa, na akaunti ya kampuni inakatwa. Kwa miaka mingi ilikuwa dirham 4 kila ukipita. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 imekuwa dirham 6 saa za msongamano. Kampuni huongeza na ada yake juu. Kwa hiyo mikataba mingi inasema wazi kwamba dhamana itashikwa siku 14, 21 au 30 baada ya gari kurudishwa. Hapo huwezi kusema umecheleweshewa hela mpaka siku hizo zipite, kwa kuwa ulizisaini. Zihesabu tangu tarehe ya kurudisha gari, na uzisome kabla ya kuchukua funguo, maana ndogo kabisa kati yake inatosha kuvuruga mtaji wa mtu mwenye duka dogo.

Lakini kwenye magari kuna jambo la kuangalia kwa makini kuliko urefu wa siku. Baadhi ya wakodishaji hawazuii dhamana, wanaitoza kabisa. Kwa kuwa zuio lina umri wa takriban mwezi na wao wanataka uhuru zaidi, wanafanya SALE ya dirham 1,500, hela inavuka kweli kwenda kwao, kisha baadaye wanakurudishia. Kwa mwenye kadi ya shilingi tofauti hiyo ina gharama. Zuio likiachiliwa, shilingi zilezile zilizowekwa kando ndizo zinazorudi, kwa sababu hazikubadilishwa. Dhamana iliyotozwa inabadilishwa mara mbili, kwenda kwa kiwango kimoja na kurudi kwa kingine, na benki inaweza kuweka ada yake ya fedha za kigeni. Tuchukue mfano kwamba iliondoka kwa shilingi 715 kwa dirham na kurudi kwa 690. Zilitoka shilingi 1,072,500, zikarudi 1,035,000. Umepoteza shilingi 37,500 bila kukwaruza gari wala kupita taa nyekundu, na hakuna wa kumdai, kwa sababu mkodishaji amerudisha dirham zake 1,500 kamili.

Utajuaje mapema? Karatasi ya mashine inasema. Ikiandikwa PRE-AUTH ni zuio. Ikiandikwa SALE au PURCHASE umetozwa. Na kama ulitozwa, njia ya kufuatilia inabadilika. Namba ya kibali haitoshi tena. Mkodishaji anaposema amekurudishia, muombe namba ya rejea ya marejesho yenye tarakimu 23, ambayo mabenki huiita ARN. Kwa namba hiyo kitengo cha kadi cha benki yako kinaweza kuyatafuta marejesho kwenye mtandao na kusema yamefika wapi. Akikwepa kuitoa wiki moja baada ya kudai amerudisha, una sababu nzuri ya kuamini kwamba bado hajarudisha.

Tofauti hiyohiyo ya zuio na muamala uliokamilika ndiyo inayoamua kama unaweza kufungua madai rasmi ya kadi. Kwenye zuio hakuna cha kudai, kwa sababu hakuna kilicholipwa. Benki itakataa fomu yako na itakuwa sahihi. Lakini kama taarifa ya akaunti inaonyesha mistari miwili ya bili ileile, yaani kibali cha mwanzo nacho kilipelekewa dai, hayo ni malipo yaliyorudiwa. Au kama dhamana iliyotozwa haikurejeshwa baada ya siku za mkataba, hapo pia una madai. Yote mawili yanafunguliwa kwenye benki yako mwenyewe, si Dubai, na mitandao imeweka kikomo cha siku za kuyafungua. Usisubiri zikaribie kuisha. Mtu anayeahidiwa "wiki ijayo, in shaa Allah" kila anapopiga simu anaweza kujikuta muda umekwisha bila mtu yeyote kumkatalia.

Mwenye kadi ya krediti anaumia kidogo kuliko wengine, kwani kinachozuiwa ni sehemu ya kikomo cha mkopo, na zuio peke yake halizai riba. Kwetu wengi wana kadi ya debiti, iliyounganishwa na akaunti ileile inayolipa kodi ya fremu na ada za shule, na ndiyo maana jambo hili linawauma watu wa Kariakoo na Gikomba kuliko mtalii wa Ulaya aliyelala chumba cha jirani. Njia iliyowasaidia wasafiri wa mara kwa mara ni kuwa na akaunti ya pili yenye kadi yake, wanayoiwekea bili na dhamana tu, ili mtaji usiguswe. Kama hoteli inakubali dhamana taslimu, na nyingi za Deira zinakubali, nayo ni njia nzuri: unaacha dirham 500, unapewa risiti, chumba kikikaguliwa asubuhi unarudishiwa noti zako hapohapo. Risiti iseme ni dhamana inayorudishwa. Karatasi isiyosema hivyo inaweza kusomwa na mhudumu wa zamu nyingine kama malipo ya chumba.

Kwa gari, karatasi ya kutunza kuliko zote ni ile ya kurudisha, yenye tarehe, saa, kilomita na kiasi cha mafuta, iliyosainiwa na aliyelipokea. Faini ya kamera na kupita mlango wa Salik vyote vina saa yake. Gari ulilolirudisha saa nne asubuhi linaweza kuwa mikononi mwa mgeni mwingine saa sita, na kampuni yenye magari mengi inaweza kukata faini yake kwenye dhamana yako. Ukiletewa makato, omba kila moja lije na tarehe, saa na mahali, kisha yaweke kando ya karatasi hiyo na usome saa kwa saa. La saa sita si lako.